Uzi: Profesa ameniuliza «mahudhurio ni nini kwako?» Naomba msaada kwa mstari wa kutafuta na vigezo vya mapitio yangu

Furaha_wa_Kadutu (Bukavu)

Jambo yenu. Mimi ni mwalimu wa darasa la tano hapa Kadutu, na jioni nasoma masta ya ualimu. Memuari yangu ni mapitio ya kimfumo: hatua gani zinawafanya wanafunzi waje shuleni siku nyingi zaidi, Afrika kusini mwa Sahara. Nilipeleka mpango wangu kwa profesa anayeniongoza, akaurudisha na swali moja kwa biki nyekundu pembeni: «Mahudhurio ni nini kwako?» Nimekaa nalo wiki mbili.

Mstari wangu wa kutafuta kwenye PubMed ni huu:

```
"school attendance"[tiab] AND intervention[tiab] AND Africa[tiab]
```

Na vigezo: mwanafunzi awe na miaka 6 hadi 18, kuwe na hatua iliyochukuliwa, hatua hiyo iwe imeongeza mahudhurio, makala iwe ya 2015 mpaka leo, kwa Kifaransa au Kiingereza. Zinazotoka ni chache, na nyingi zinahesabu tu nani anasoma na nani hasomi. Nakosea wapi?

Papa_Direkta (Lubumbashi)

Binti yangu, mimi ni direkta wa shule ya msingi kule Katuba miaka kumi na minne. Mahudhurio yanapanda ukifanya mambo mawili. La kwanza, usimfukuze mtoto kwa sababu ya deni, ita mzazi. La pili, mwalimu mwenyewe afike mapema. Mwalimu akichelewa siku tatu, ya nne nusu ya darasa imebaki nyumbani. Mvua za Januari nazo zinatusumbua, njia zinajaa maji na wadogo hawavuki. Jaribu hayo kwanza, utaona.

Furaha_wa_Kadutu

Aksanti Papa. Ila mimi sitafanya hatua yoyote shuleni. Ninakusanya tafiti ambazo wengine wamekwisha kufanya, na swali langu ni namna ya kuzitafuta bila kuacha hata moja, na zipi niingize.

Takwimu_Lushi (Lubumbashi)

Dada, shida yako ni aina ya utafiti. Weka kigezo kimoja kigumu: chukua majaribio ya kura peke yake, yaani shule zilipigiwa kura ipi ipate hatua na ipi isubiri. Mengine yote tupa. Shule inayopewa chakula bila kura mara nyingi ilichaguliwa kwa sababu ina hali fulani, na hali hiyo ndiyo inayoleta tofauti unayoiona. Kuhusu miaka, 2015 ni sawa. Mimi ningeweka hata kumi ya mwisho tu, ya zamani hayatusaidii.

mtunza_maktaba (Goma)

Furaha, pole na swali la profesa, ila amekutendea wema. Kuna jambo moja la kurekebisha leo hii kabla ya mengine, ni kigezo chako cha tatu. Umeandika hatua «iwe imeongeza mahudhurio». Hapo umeamua jibu kabla ya kutafuta. Ukiingiza tafiti zilizofaulu peke yake, mapitio yako yatasema kila hatua inafaulu. Kigezo kiwe kwamba utafiti *umepima* mahudhurio, yamepanda, yameshuka au yamesimama palepale.

Mfano: Freeman na wenzake walichapisha 2012 jaribio la maji safi, usafi na vyoo katika shule za Nyanza, Kenya. Kwa wanafunzi wote kwa jumla hawakuona tofauti. Kwa wasichana waliona kutokuwepo kumepungua sana. Kwa kigezo chako ungefanya nini na utafiti huo? Ungeuingiza kwa ajili ya wasichana na kuufukuza kwa ajili ya wavulana?

Sasa mstari. Usiuamini mstari kwa idadi inayotoka. Upime kwa tafiti ambazo tayari unajua lazima ziwemo. Mimi naziita mbegu. Nakupa tatu za Afrika, uchukue ikisiri zake na kalamu.

Ya kwanza ni hiyo ya Freeman. Kichwa chake kinasema `pupil absence`. Ya pili ni Miguel na Kremer, 2004, dawa za minyoo katika shule 75 za Busia, Kenya. Ikisiri yake inasema `school absenteeism` na `school participation`. Isome kutoka mwanzo hadi mwisho: neno `attendance` halimo. Neno `intervention` halimo pia, wao wanasema `project` na `program`. Na Afrika haitajwi, kinachotajwa ni Kenya. Kwa hiyo utafiti unaojulikana kuliko yote katika somo lako unaanguka mara tatu kwa mstari mmoja wenye sehemu tatu. Ya tatu ni Baird, McIntosh na Özler, 2011, pesa kwa wasichana wa Malawi. Tafuta neno lako humo, halafu uniambie limekaa wapi.

Ndugu Takwimu, ukiweka miaka kumi, hizi zote tatu zinabaki nje. Kikomo cha miaka kinahitaji sababu iliyo ndani ya somo lenyewe, kwa mfano kama kitu unachokichunguza hakikuwepo kabla ya mwaka fulani. Chakula, dawa ya minyoo na pesa vilikuwepo.

Furaha_wa_Kadutu

Nimefanya kwa kalamu kama ulivyosema, yaya. Ya Malawi ina `school attendance` kabisa kwenye ikisiri, lakini kama sharti: kundi moja la wasichana linapewa pesa *kwa sharti la* kuhudhuria, lingine linapewa bila sharti. Matokeo yanayotajwa katika ikisiri ni kuacha shule, mtihani wa kusoma, mimba na ndoa. Kwa hiyo neno langu lipo, ila halisemi nilichodhani linasema.

Niliposoma hivyo ndipo swali la biki nyekundu lilianza kunichoma. Kuandikishwa, kuhudhuria, kuacha shule: nilikuwa nayachukua yote kama kitu kimoja.

mtunza_maktaba

Ndiyo hapo. Mapitio yako yanasimama au yanaanguka juu ya jambo hilo, kwa hiyo nitalikalia kidogo.

Chukua darasa lako. Septemba umeandika watoto 50. Kumi wameacha kabisa kufika Krismasi. Leo asubuhi waliokaa darasani ni 30. Mahudhurio ya leo ni mangapi? Ukigawa kwa waliobaki kwenye orodha, ni 30 kwa 40, yaani asilimia 75. Ukigawa kwa walioandikishwa Septemba, ni 30 kwa 50, asilimia 60. Watoto ni walewale, siku ni ileile.

Miguel na Kremer walihesabu kwa namna ya pili: walifika shuleni bila taarifa, na mtoto aliyeacha shule alihesabiwa kama hayupo. Ndiyo maana wanasema `participation`. Utafiti mwingine unafungua rejista na kuhesabu waliobaki tu. Ukizichanganya tarakimu hizo mbili katika jedwali moja bila kusema, umejumlisha mihogo na mawe.

Halafu kuna uchunguzi wa kaya, ule wa kwenda nyumba kwa nyumba. Hizo ndizo zilizokujazia matokeo. Humo mtoto «anahudhuria» kama alikwenda shule wakati wowote katika mwaka ule wa masomo. Aliyekwenda wiki moja Septemba anahesabiwa sawa na aliyekwenda mwaka mzima. Hicho ni kitu karibu na uandikishaji. Kwa swali lako la *siku nyingi zaidi*, hakifai, na ni lazima kigezo kiseme hivyo waziwazi, la sivyo utazichuja kwa hisia, leo hivi na kesho vile.

Mama_Neema (Goma)

Samahani kuingilia, mimi si mtu wa chuo. Nafundisha darasa la pili. Januari 2025 vita vilipofika hapa mjini shule zilifungwa. Tulipofungua, nusu ya majina yangu hayakujibu. Wengine walikuwa wamerudishwa vijijini na wazazi, na kuna wapya waliokuja bila karatasi, wanakaa darasani lakini hawamo katika rejista. Hao wapya wanakuja kila siku, kuliko wangu wa zamani. Katika hesabu zenu mtoto wa namna hiyo anaingia wapi? Na siku ambazo shule ilifungwa, mtoto alikuwa hayupo ama shule ndiyo haikuwepo?

mtunza_maktaba

Mama, umeuliza kitu ambacho tafiti nyingi hazikijibu. Siku za kufungwa zisihesabiwe kama mtoto hayupo. Ugawe kwa siku ambazo shule ilifunguliwa kweli. Furaha, weka safu ya hilo katika fomu yako ya kuchota data: «utafiti unasema siku za shule zilihesabiwaje?» Tafiti nyingine zitakaa kimya, na kimya hicho nacho ukiandike.

Kuhusu mtoto aliye darasani lakini hayumo katika rejista, sina jibu safi. Mtu anayekuja kuhesabu vichwa kwa orodha ya majina hatamwona. Sijui kigezo kitakachomwingiza bila kuharibu kingine.

Papa_Direkta

Sasa nimeelewa mnachozungumza, na hapa nina la kusema, maana rejista naijua kama kiganja changu.

Mwalimu mzuri anaita majina asubuhi na kutia alama palepale. Lakini kuna anayejaza Ijumaa kwa wiki nzima. Utamjua: wino ni mmoja kutoka Jumatatu hadi Ijumaa, alama zimelala upande mmoja, na asiyekuwepo Jumanne ndiye huyohuyo asiyekuwepo siku zote tano. Mwezi wa mvua kubwa usipoona hata «A» moja ya kutokuwepo katika ukurasa, funga hiyo rejista, haikwambii kitu. Tena pale ambapo chakula kinagawiwa kwa idadi ya waliohudhuria, kalamu ya mwalimu inakuwa na huruma. Simlaumu.

Jambo la pili. Nyinyi mnaandika utoro. Mtoto niliyemrudisha nyumbani saa mbili asubuhi kwa sababu ya minervali ya deni (nilifanya hivyo zamani, najuta) naye ameandikwa «A». Huyo si mtoro. Alikuja.

Furaha_wa_Kadutu

Papa, hilo la mwisho nimelinakili kwenye daftari. Kwa Kiswahili tunamwita mtoro anayekimbia, na nilikuwa nimeandika «utoro» mahali pote. Nimebadilisha kuwa «kutokuwepo», na nitachota sababu kando pale utafiti unapoitoa.

Takwimu_Lushi

Nakubali miaka niliisema haraka. Lakini kuhusu kura sibanduki. Na naongeza: mahudhurio ya kujisemea, ambapo mtoto au mzazi anaulizwa «ulikosa siku ngapi?», yatupwe yote. Watu hawasemi kweli, hasa pale pesa inapofuata jibu.

mtunza_maktaba

Kuhusu kujisemea, Malawi inakupa nguvu. Wasichana walipojieleza wenyewe kama bado wameandikishwa shuleni, picha ya makundi mawili ilikuwa moja. Walipoulizwa walimu wao, picha ikawa nyingine, na kundi lenye sharti likaonekana kufanya vizuri zaidi. Kwa hiyo chanzo cha data kinaweza kugeuza jibu. Mpaka hapo tuko pamoja.

Ila mimi nisingetupa. Ningeingiza na kuziwekea alama: ziara ya ghafla, rejista, kujisemea. Halafu ningehesabu mara mbili, pamoja nazo na bila hizo, msomaji aone kama jibu linayumba. Ukizitupa mlangoni hutajua kamwe zingesema nini.

Kuhusu kura, fikiria nchi yetu. Shule ya msingi bure ilianza kutekelezwa 2019 katika shule za serikali za nchi nzima. Hakuna aliyepiga kura mkoa upi uanze. Kwa kigezo chako, hatua kubwa kuliko zote tulizoziona sisi wenyewe haiwezi kuingia hata ikichunguzwa kwa uangalifu namna gani. Ningekubali pia tafiti zisizo na kura zenye kundi la kulinganishia na vipimo vya kabla na baada kwa makundi yote mawili. Kabla na baada bila kundi la kulinganisha, hapana. Mvua ikiisha mahudhurio yanapanda yenyewe, Papa Direkta ni shahidi.

Takwimu_Lushi

Kuwekea alama sikatai. Lakini mimi ningeziweka zisizo za kura katika sura yake peke yake. Kuzijumlisha pamoja siwezi kukubali.

mtunza_maktaba

Sura yake, sawa.

Furaha, turudi kwenye mstari. Neno `intervention` litoe kabisa. Huwezi kuorodhesha kila hatua: sare, chakula, pedi, baiskeli, ujumbe wa simu kwa mzazi. Mahali pake weka maneno ya aina ya utafiti. Ulipotia `[tiab]` kwenye Africa ulizima kitu kizuri: PubMed ina mti wa maneno ambamo Kenya na Malawi ziko chini ya Afrika, na wewe ulilazimisha herufi «Africa» zionekane kwenye kichwa au ikisiri. Tumia mti, ndio `[Mesh]` utakayoiona hapa chini, na uongeze majina ya nchi, maana si kila makala imeingizwa mtini.

Tahadhari moja. Usiandike `absen*` yenye nyota. Italeta kila makala inayosema kwa Kiingereza «pasipokuwepo» kitu fulani, na utazama. Weka maneno mawili yakae karibu:

```
("Absenteeism"[Mesh] OR absenteeism[tiab] OR truan*[tiab]
 OR "school attendance"[tiab:~3] OR "school absence"[tiab:~3]
 OR "pupil absence"[tiab:~3] OR "school participation"[tiab])
AND (school*[tiab] OR pupil*[tiab] OR student*[tiab])
AND ("Africa South of the Sahara"[Mesh] OR Kenya*[tiab]
 OR Malawi*[tiab] OR Congo*[tiab])
AND (random*[tiab] OR trial[tiab] OR "control group"[tiab]
 OR "comparison group"[tiab] OR "difference in differences"[tiab])
```

Nchi ziendelee mpaka ziishe, nimefupisha. Hiyo `~3` inakubali maneno yasizidi matatu katikati, kwa mpangilio wowote, ila haikubali nyota ndani yake, ndiyo maana nimeandika kila umbo peke yake. Na sehemu ya pili ipo kwa sababu `absenteeism` bila shule itakuletea wauguzi na wafanyakazi wa viwandani.

PubMed haitoshi. Majarida mengi ya uchumi hayamo humo, na tafiti za pesa na minyoo zinaandikwa sana na wachumi. Nenda ERIC kwa elimu na IDEAS kwa uchumi, zote mbili ni bure. Kila moja ina lugha yake, mstari huu hautaingia humo kama ulivyo.

Sifa_Bkv (Bukavu)

Na usisahau kuandikisha mpango wako kwenye daftari la mapitio la PROSPERO kabla ya kuanza, walimu wa chuo wanapenda.

mtunza_maktaba

PROSPERO wanataka matokeo yanayohusu afya. Mahudhurio peke yake yanaweza kurudishwa. OSF inapokea, na ni bure pia.

Furaha_wa_Kadutu

Nimejaribu usiku, umeme uliporudi. Kwenye PubMed Freeman ametoka. Miguel na Kremer na wale wa Malawi nimewatafuta IDEAS. Kule mistari mirefu imenishinda, nikaandika maneno machache machache, wote wawili wametoka. Nimeandika tarehe na kila mstari nilioutumia, mahali na mahali.

Lakini Kifaransa kimenitia shida mpya. Nilitumia hazina za makala za Kifaransa, Érudit, Cairn na HAL, kwa mstari huu:

```
(assiduité OR absentéisme OR "fréquentation scolaire")
AND (élève OR élèves OR écolier OR écolière)
```

Neno la tatu, `fréquentation`, linaleta tena ule uchunguzi wa kaya ulioukataa. Nikilitoa, napoteza na nzuri chache.

mtunza_maktaba

Usilitoe. Mstari wa kutafuta kazi yake ni kutoacha, kuchuja ni kazi ya vigezo. Neno hilo kwa Kifaransa linabeba yote mawili, kuandikishwa na kuja kila siku, na ni wewe kwa macho yako utakayeamua makala kwa makala. Mwombe mwenzako achuje hamsini za kwanza bila kuona majibu yako, halafu mlinganishe. Mtakapotofautiana, mara nyingi itakuwa juu ya neno hilo, na hapo utajua kigezo bado kina tundu.

Kuna tundu jingine ambalo mstari wowote hautaziba. Utafiti wa chakula unaweza kusifu alama za mtihani katika ikisiri yake, na mahudhurio yakawa ndani, katika jedwali la tatu. Hutaupata kwa neno lolote la mahudhurio. Kwa hatua nne hivi (chakula, pesa, minyoo, maji na vyoo) ningetafuta mara ya pili bila sehemu ya matokeo kabisa, kisha nifungue makala nzima. Pia pitia tafiti zilizomo katika mapitio ya zamani: ya chakula shuleni ya Kristjansson na wenzake ya 2007, na ya uandikishaji ya Petrosino na wenzake ya 2012. Hiyo ya 2007 iangalie hata kwa namna ilivyosema jibu: kwa nchi maskini, siku 4 hadi 6 zaidi kwa mwaka kwa mtoto. Siku, kitu ambacho Papa Direkta anaweza kukihesabu.

Takwimu_Lushi

Kufungua makala nzima kwa hatua nne ni kazi ya miezi. Ana memuari, si mradi wa miaka mitatu. Mimi ningechagua hatua moja na kuifanya kwa ukamilifu.

mtunza_maktaba

Inawezekana uko sahihi. Hilo aamue na profesa.

Furaha_wa_Kadutu

Nimeandika upya kigezo, nakiweka hapa mkipige mawe kabla ya Jumatatu:

«Utafiti unaingia kama umepima siku ambazo mwanafunzi alikuwepo shuleni kati ya siku ambazo shule ilifunguliwa, kwa ziara ya ghafla, kwa rejista au kwa kujisemea, na chanzo kikaandikwa, matokeo yawe yamepanda, yameshuka au hayakubadilika. Utafiti unaouliza tu kama mtoto alikwenda shule wakati wowote katika mwaka hauingii. Itaandikwa kama walioacha shule wamehesabiwa ndani au nje.»

Kuhusu hatua moja au nne, bado nasita. Moyo unataka chakula, maana katika darasa langu naona nani anaondoka saa nne.

Papa_Direkta

Binti, huyo anayeondoka saa nne, asubuhi ulimtia alama gani?

Furaha_wa_Kadutu

Yupo, Papa. Nilimwandika yupo.

Mama_Neema

Mimi pia naandika hivyo.

mtunza_maktaba

Basi ongeza safu moja kwenye fomu: saa ngapi walihesabu.